Nani mwenye namba ya nondo? Jibu kuhusu rekodi pacha za bidhaa, wateja na wasambazaji

*"Tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla, makao makuu Dar es Salaam, matawi Mwanza na Dodoma. Mfumo una bidhaa 6,800 lakini mtunza stoo anaapa hazizidi 4,000. Mwezi uliopita tumemlipa msambazaji mmoja ankara ileile mara mbili. Bosi ameagiza watu wa TEHAMA wamiliki data na wafute marudio yote kabla ya mwaka kuisha. Mimi ni mhasibu mkuu. Nani hasa anapaswa kumiliki rekodi za bidhaa, wateja na wasambazaji, na tufanyeje yasirudi?"*

Ndugu mhasibu, kabla ya lolote kaa na bosi umwombe aliondoe hilo neno "wafute". Rekodi ya bidhaa iliyowahi kununuliwa hata mara moja ina vitu vinavyoning'inia juu yake: oda, ankara, risiti, hesabu za stoo za miaka iliyopita. Mifumo mingi itakataa kuifuta, na ile itakayokubali itakuachia ankara zinazotaja namba ambayo haipo tena. Sheria ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5. Mkaguzi wa TRA akiuliza ankara ya miaka mitatu nyuma ilikuwa ya mzigo gani, huwezi kumjibu kwamba mlikuwa mnafanya usafi. Rekodi pacha hufungwa isitumike tena, ikaelekezwa kwa mwenzake anayebaki. Historia yake inakaa palepale.

Tena usiamini kwamba tofauti ya 6,800 na 4,000 yote ni marudio. Ndani yake kuna bidhaa mlizoacha kuuza, kuna sampuli ya marumaru iliyoletwa mara moja na haikurudi, kuna "gharama za usafiri" iliyoingizwa kama bidhaa. Toa orodha ya bidhaa ambazo salio lake ni sifuri na hazijaguswa kwa miezi 24, mwonyeshe mkuu wa manunuzi, halafu zifunge zote kwa mkupuo. Nimeshaifanya kazi hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara lundo limepungua sana kabla hatujamgusa pacha hata mmoja.

Sasa umiliki. Bosi wako amefikiri kama wengi wanavyofikiri: data zimo kwenye kompyuta, kompyuta ni za TEHAMA, basi data ni zao. Chukua mfano kutoka stoo kwenu. Mfumo una `NONDO MM 12` na mwingine akaingiza `Y12 BAR`. Ukimpa kijana wa TEHAMA programu ya kutafuta majina yanayofanana, hizo mbili hazitakamatwa, kwa sababu zinachangia "12" tu. Fundi yeyote atakwambia ni kitu kimoja. Y12 ndivyo wahandisi wanavyoandika kwenye michoro. Programu hiyohiyo italeta `BATI G28 FUTI 10` na `BATI G30 FUTI 10` kwamba bila shaka ni pacha, maana zinapishana kwa tarakimu mbili tu. Ukiziunganisha umeua biashara: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, bei ni nyingine, na mteja aliyelipia nene atakurudia na lori. Kompyuta inajua herufi. Anayejua bati ni mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo mmiliki ni yule anayeweza kusema kwa uhakika "hivi ni kitu kimoja" au "hivi ni viwili", na mwenye mamlaka ya kukataa rekodi mpya hata meneja wa tawi akipiga simu kwa hasira. Anayechapa anaweza kuwa mwingine. TEHAMA wana kazi yao ya heshima: wanaweka mfumo ukatae kilichokatazwa, wanatunza nakala za akiba, wanatoa ripoti. Ila hawaamui. Na mmiliki awe mtu mwenye jina na mwenye kumkaimu akiwa likizo. Ukiandika kwamba mmiliki ni "idara ya manunuzi", siku ya tatizo utakuta idara nzima ikitazama dari.

Kuna kitu kimoja ambacho mwongozo wa mfumo haukwambii vizuri. Rekodi moja ya bidhaa ina sehemu zenye wenyewe tofauti. Jina, saizi, chapa na kipimo anavijua mtu wa manunuzi. Bei ya kuuza ni ya mauzo. Akaunti ya mapato, akaunti ya gharama na kama ina VAT au haina, hizo ni zako wewe. Kiwango cha chini cha stoo kinamhusu mtunza stoo. Mkigombana nani "mwenye bidhaa", mtagombana milele. Ukigawa hivi ugomvi unaisha: mmoja anamiliki *kuwepo* kwa rekodi, yaani ndiye anayesema izaliwe au isizaliwe, na kila sehemu ndani yake ina mwenyewe. Kwa kampuni kama yenu, kuwepo kwa bidhaa mpe mkuu wa manunuzi. Usimpe mtu wa mauzo. Mauzo wana haraka ya haki, mteja amesimama kaunta, na kwenye haraka hiyo ndimo pacha wengi huzaliwa.

Hasara ya pacha wa bidhaa mara nyingi haionekani kwenye vitabu vyako, kwa hiyo ngoja niipige hesabu. Tuseme nondo ya mm 12 ina namba tatu, na kila moja ina kiwango cha chini cha vipande 200. Namba ya kwanza ina 70, ya pili 90, ya tatu 150. Stoo kuna vipande 310, mzigo wa kutosha. Lakini mfumo unaangalia kila namba peke yake, unaona zote tatu zimeshuka chini ya 200, na unapendekeza kununua mara tatu. Mtu wa manunuzi anaidhinisha kwa sababu ripoti imesema. Wiki mbili baadaye nondo zimejaa uani, fedha imelala, na mtunza stoo anaambiwa hajui kupanga.

Pacha mwingine wa kawaida anazaliwa kwenye kipimo. Misumari ya nchi 4 mnanunua kwa katoni ya kilo 25, mnauza kwa kilo. Mtu akashindwa kuupa mfumo uwiano huo, akafungua rekodi mbili, moja ya katoni, nyingine ya kilo. Mzigo unapokelewa kwenye ya katoni, unauzwa kwenye ya kilo. Baada ya mwezi ya kwanza inasema katoni 40 hazijaguswa, ya pili inasema kilo 310 chini ya sifuri. Hapo pana siri nzuri: toa ripoti ya bidhaa zenye salio hasi. Huwezi kuuza usichonacho, kwa hiyo kila salio hasi lina hadithi, na mara nyingi hadithi yenyewe ni kwamba pacha wake amekaa pembeni na salio chanya lisilopungua. Nikiingia kampuni ngeni ripoti hiyo ndiyo ninayoiomba kwanza, hata kabla ya chai. Dawa yake ni rekodi moja yenye kipimo cha msingi kilo, na katoni ikiandikwa kuwa ni sawa na kilo 25. Kipimo cha msingi kiwe kidogo kabisa mnachouza.

Jina nalo liwe na kanuni. Msiruhusu jina kuandikwa kama mtu anavyolitamka siku hiyo. Kubalianeni mpangilio mmoja: kitu, aina, saizi, sifa inayobadilisha bei, chapa. Hivi:

```
NONDO MM12 MITA12
BATI MGONGO G28 FUTI10 BLUU
MISUMARI MBAO NCHI4
RANGI MAFUTA LITA4 NYEUPE [CHAPA]
```

Saizi ishikane na kipimo chake bila nafasi, na iwe ni kipimo kimoja kwa kila kundi: mabomba yawe nchi au milimita, sio leo hivi kesho vile. Mfumo utapanga majina kwa herufi, nondo zote zitakaa pamoja, na anayetafuta ataiona aliyotaka kuianzisha upya. Jina analolizoea fundi, kama Y12, liwekwe kwenye sehemu ya maneno ya kutafutia, kama mfumo wenu unayo. Na bidhaa yenye msimbo wa mistari wa kiwandani, kama makopo ya rangi, ingizeni tarakimu zake 13 na mfumo ukatae zisijirudie. Nondo na mchanga havina msimbo, kwa hiyo huko kanuni ya jina na jicho la binadamu ndivyo vitakavyowalinda.

Tuje kwenye malipo mara mbili, maana najua ndiyo yanayokunyima usingizi. Mfumo wenu bila shaka una kizuizi cha ankara iliyokwisha ingizwa. Ulijiuliza kwa nini hakikufanya kazi? Mifumo mingi haiangalii namba ya ankara peke yake, kwa sababu wasambazaji hamsini wanaweza kuwa na ankara namba 0457. Inaangalia msambazaji *pamoja na* namba ya ankara. Msambazaji wenu akiwa na rekodi mbili, ankara 0457 ikaingia kwa rekodi ya kwanza kutoka Dar na kwa rekodi ya pili kutoka Mwanza, mfumo unaona watu wawili tofauti, kila mmoja na ankara yake. Kizuizi kilikuwepo na kilifanya kazi yake sawasawa. Hebu fungua hizo ankara mbili uangalie namba za msambazaji. Sitashangaa zikiwa tofauti. Kama ni ileile, basi angalia namba ya ankara ilivyoandikwa: `457` na `0457` kwa mfumo ni vitu viwili, na `INV/457` ni cha tatu. Kanuni hapo ni kuandika namba kama ilivyo kwenye karatasi, sifuri zake zote zikiwemo.

Utambulisho wa msambazaji wa ndani ni TIN. Jina halifai: "Mzalendo Hardware", "Mzalendo H/Ware Ltd" na "M. Hardware (Mza)" huenda ni mtu mmoja na huenda ni watatu, na jina kwenye cheti cha BRELA huenda halifanani na hata moja. TIN ina tarakimu 9. Tatizo ni kwamba mmoja anaandika `123-456-789`, mwingine `123456789`, mwingine anaacha nafasi katikati, na mfumo uliowekwa kukataa marudio unaona vitu vitatu. Zisafishe kwanza ndipo uzilinganishe. Kwenye Ekseli, TIN zikiwa safu ya B, weka ya kwanza kwenye C2 na ya pili kwenye D2, kisha uvute chini:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(TRIM(B2)," ",""),"-","")
=IF(C2="","",COUNTIF(C:C,C2))
```

Kila panapotokea 2 au zaidi una kesi ya kuangalia. Ila nikupe onyo ambalo liliwahi kunigharimu Jumamosi nzima. Usiitumie fomula hiyo ya pili kwa namba ndefu kama ya NIDA, yenye tarakimu 20. `COUNTIF` huigeuza namba kuwa hesabu, na Ekseli hushika tarakimu 15 tu za mwanzo. Watu wawili tofauti wanaofanana tarakimu hizo 15 wataonekana mmoja. Namba za akaunti za benki nazo, zile zinazoanza na sifuri, hupoteza sifuri usipoiweka safu iwe maandishi kabla ya kubandika.

Kesi ya kuangalia bado haijawa pacha. TIN moja inaweza kuwa na matawi mawili mnayonunua kote kote. Hapo rekodi iwe moja yenye anwani mbili. Kisha kuna zile TIN za uongo. Tafuta `000000000`, `111111111` na `999999999`, hutakosa. Hizo zinatoka kwa kijana aliyekutana na sehemu ya lazima asiyokuwa na cha kuijaza. Kila unapoifanya sehemu iwe ya lazima jiulize kama anayechapa analo jibu mkononi wakati huo, maana kama hana atabuni, na data iliyobuniwa ni mbaya kuliko iliyo wazi. Msambazaji wa Guangzhou au Dubai hana TIN ya Tanzania. Mpeni sehemu ya namba ya usajili ya nchi yake, na TIN ibaki wazi kwa ruhusa.

Umiliki wa wasambazaji nadhani utaangukia kwako, na ni sawa, kwa sharti moja. Anayefungua rekodi ya msambazaji asiwe anayeandaa malipo. Watu wa manunuzi waombe, wakiambatisha cheti cha TIN na barua ya benki, mhasibu ambaye hayumo kwenye mlolongo wa malipo achape, wewe uidhinishe. Kama ofisi yako ina watu wawili tu wa hesabu, meneja wa fedha au bosi mwenyewe awe anapitia kila wiki orodha ya wasambazaji wapya na ya akaunti zilizobadilishwa. Ni ukurasa mmoja, haumchoshi.

Kubadilisha akaunti ya benki ya msambazaji kuwe na kanuni ngumu kuliko kumfungua mpya. Wezi wameshaujua mlango huu: inakuja barua pepe yenye nembo ya msambazaji wako wa siku zote, "tumebadilisha benki, malipo yajayo tumeni hapa". Msiijibu, na msipige namba iliyoandikwa ndani yake. Pigeni ile iliyokuwa kwenye rekodi tangu zamani, mwongee na mtu mnayemjua, muandike nani amethibitisha na lini. Nilipokuwa nimeajiriwa, kampuni niliyofanyia kazi iliponea hapo, kwa sababu mama mmoja wa hesabu alikuwa na tabia ya kupiga simu hata kwa mambo yaliyo wazi. Tulikuwa tunamcheka.

Wateja nitawapitia haraka, kwa sababu nusu ya tatizo lao inaondoka kwa uamuzi mmoja: mteja wa taslimu asifunguliwe rekodi. Kila tawi liwe na `MTEJA TASLIMU` mmoja. Anayetaka risiti ya EFD yenye TIN yake iandikwe kwenye risiti, hiyo haihitaji kumsajili kama mdaiwa. Rekodi afunguliwe anayekopa, mwenye mkataba wa bei, au mnayempelekea mzigo. Nami ningempa umiliki afisa madeni, si mauzo, kwa sababu rahisi. Mkandarasi mwenye kikomo cha mkopo cha shilingi milioni 5 akiwa na rekodi tatu, Dar, Mwanza na Dodoma, kikomo chake halisi ni milioni 15, na hakuna aliyeidhinisha hizo kumi. Anayeumia ni anayefuata deni. Saiti zake za ujenzi ziwe anwani za kupelekea mzigo chini ya rekodi moja.

Kumtambua mteja, anzeni na TIN kwa kampuni. Kwa fundi binafsi, simu, iandikwe kwa mtindo mmoja wa `255...` ili `0754` na `+255 754` zisiwe watu wawili. Simu iwe dalili tu, maana laini hupotea, hubadilishwa, na nyingine hutumiwa na mtu na mkewe. Msikusanye namba za NIDA za wateja kwa sababu fomu ina nafasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na kila namba mliyoichukua bila kuihitaji ni mzigo mnaopaswa kuulinda.

Kuhusu kuzuia yasirudi, fikiria yule kijana wa Mwanza saa kumi jioni, lori limefika, hati ya mzigo ina bidhaa asiyoiona kwenye mfumo. Kama njia halali ya kupata namba mpya ni fomu inayozunguka siku tatu, hatasubiri. Ataupokea mzigo kwenye namba inayokaribiana, au kwenye ile `MENGINEYO` ambayo kila mfumo huwa nayo. Kwa hiyo kanuni kali isiyo na kasi inakuzalishia uchafu wa aina nyingine, mbaya zaidi, kwa sababu hauonekani kama pacha. Ahadi yenu iwe ya saa, kwa mfano saa 4 za kazi, na mmiliki apimwe kwayo. Haki ya kufungua rekodi iondolewe kwa kila mtu mwingine kwenye mfumo siku hiyohiyo mnapotangaza ahadi, wala si kabla. Mwombaji aeleze alitafuta kwa maneno gani. Hilo swali moja, "ulitafuta nini?", linarudisha maombi mengi kabla hayajatumwa, maana anapotafuta ili ajaze, anaipata. Kisha kila mwezi angalia kiasi kilichopita kwenye `MENGINEYO`. Kikipanda, wamiliki wako wamekuwa wazito, na lawama isiende kaunta.

Kusafisha mlichonacho kufanywe kwa kundi, kuanzia wasambazaji, kwa kuwa huko fedha inatoka leo. Kwenye bidhaa anzeni na kundi moja kama nondo, mjifunze, ndipo mwendelee. Chukua zile namba tatu. Chagueni inayobaki, kwa kawaida yenye historia ndefu au oda zilizo wazi. Hesabuni mzigo kwa mkono siku hiyo, stoo ikiwa imefungwa. Oda zisizopokelewa za namba zinazoondoka zifungwe na kuandikwa upya. Halafu hamisheni salio *pamoja na thamani yake*. Vipande 70 vya shilingi 23,000 ni 1,610,000. 90 vya 21,500 ni 1,935,000. 150 vya 22,400 ni 3,360,000. Jumla ni vipande 310 vyenye thamani ya 6,905,000, kwa hiyo wastani mpya uwe kama 22,274 kwa kipande. Mtu wa stoo akihamisha idadi tu, na mfumo ukazithamini zote kwa gharama ya namba iliyobaki, utapata faida au hasara ya hewa ambayo mkaguzi ataiona kabla yako. Namba zilizofungwa ziandikwe mbele ya jina `USITUMIE - TAZAMA` na namba mpya, kwa sababu karatasi za zamani zitaendelea kuja nazo kwa mwaka mzima.

Mwisho wa mwaka, aliousema bosi, hautatosha kwa rekodi zote, na ni vema umwambie mapema. Kabla ya hesabu za kufunga mwaka simamisheni kuunganisha bidhaa walau wiki mbili, vinginevyo tofauti za stoo na tofauti za kuunganisha zitachanganyika na hakuna atakayezitenganisha.

Kuna sehemu mbili ambapo ningekushauri umlete mtu ofisini badala ya kuendelea na maandishi. Ya kwanza ni kuunganisha wasambazaji au wateja wenye salio wazi pande zote mbili, hasa mmoja akiwa na malipo ya awali na mwingine deni. Mtaalamu wa mfumo wenu aijaribu kwenye nakala ya majaribio kwanza, na mkaguzi wenu wa hesabu ajue, maana mifumo mingine haina njia ya kurudi baada ya kubonyeza. Kwa yale malipo ya mara mbili, msiyakate kimyakimya kwenye ankara ijayo. Ombeni taarifa ya akaunti kutoka kwa msambazaji, mkubaliane kwa maandishi kama anarudisha au inabaki kuwa malipo ya mbele.

Ya pili inatokea ukilinganisha namba za akaunti za benki za wasambazaji, kati yao wenyewe na kisha na orodha ya mishahara. Ifanye, haichukui hata nusu siku. Wasambazaji wawili wenye akaunti moja mara nyingi huwa ni pacha. Lakini msambazaji mwenye akaunti ileile ya mfanyakazi si suala la usafi wa data tena. Ukilikuta, usimuulize mtu, usilitume kwa barua pepe ya ofisi, usiifunge rekodi. Chapa ukurasa huo, uuchukue mkononi, uende kwa mkaguzi wa ndani au kwa mwenye kampuni mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.